Tofali jepesi au tofali la tundu: hesabu ya ukuta wa magharibi

"Nimepata kiwanja Tunguu, hapa Unguja, nataka nyumba ya kukaa ya vyumba vitatu. Fundi ananambia matofali ya tundu, mwanangu ananambia yale mepesi ya hewa, eti nyumba inakuwa baridi. Nifuate la nani?"

Kabla ya kuchagua tofali, jiulize madirisha ya vyumba vya kulala yatakuwa wazi au yatafungwa. Atakayelala na dirisha wazi na feni ya dari ana hesabu yake, na atakayefunga kila kitu awashe kiyoyozi ana hesabu nyingine kabisa. Mabishano mengi ya fundi na kijana aliyesoma mambo mtandaoni yanatokana na kila mmoja kuwa na nyumba tofauti kichwani.

Tofali jepesi ninalolizungumzia hapa ni lile la kiwandani. Hutengenezwa kwa mchanga uliosagwa, saruji, chokaa na unga kidogo wa alumini. Alumini ikikutana na chokaa hutoa gesi ya haidrojeni, mchanganyiko ukaumuka, kisha hukatwa vipande na kupikwa kwa mvuke wa shinikizo kubwa, nyuzi karibu 190, kwa saa nyingi. Matokeo yake ni tofali lililojaa viputo vidogo, lenye uzito wa kilo 500 hadi 600 hivi kwa mita ya ujazo, wakati zege la kawaida hupita kilo 2,000. Kuna binamu yake anayefyatuliwa uwanjani kwa kuchanganya saruji na povu la sabuni maalumu, bila kupikwa. Huyo hunywea zaidi anapokauka, na kwa uzito uleule ni dhaifu zaidi. Ukiambiwa "matofali mepesi", uliza kwanza ni lipi kati ya hayo mawili.

Tofali la tundu tunalijua. Wengi huamini kuwa hewa iliyomo ndani ya tundu huzuia joto. Huzuia kidogo tu. Tundu ni pana, kwa hiyo hewa yake huzunguka na kubeba joto kutoka upande mmoja hadi wa pili, na zile kuta za zege zinazotenganisha matundu ni njia ya moja kwa moja. Viputo vya tofali jepesi ni vidogo mno kiasi kwamba hewa ndani yake haina pa kuzunguka. Ukuta wa sentimita 20 wa tofali jepesi, ukiwa mkavu, hupitisha joto kama robo tu ya lile linalopita kwenye ukuta wa unene huohuo wa tofali la tundu.

Robo ni tofauti kubwa. Lakini robo ya nini?

Tuchukue chumba cha kulala kinachotazama magharibi, ukuta wenye mita za mraba 10, mwezi wa Februari, kaskazi imekauka, saa kumi alasiri. Nje kivulini ni nyuzi 32, ndani 30. Ukuta una lipu ya saruji ya kijivu isiyopakwa kitu, na jua linaupiga sawasawa. Uso wake unapokea joto kana kwamba hewa ya nje ni nyuzi 50 na zaidi. Kwa hesabu ya kawaida ya mafundi wa majengo, tofali la tundu litapitisha kiasi cha wati 550, tofali jepesi wati 150. Sasa paka ukuta uleule wa tofali la tundu chokaa nyeupe. Jua jingi linarudishwa, na zile wati 550 zinashuka hadi kama 250. Ongeza upenu au mti wa kuutia ukuta kivuli mchana, na zinashuka tena. Hesabu hii inachukulia jua limesimama, kwa hiyo takwimu za kweli ni ndogo kidogo, ila uwiano wake haubadiliki sana.

Angalia pia juu. Bati lisilo na dari, juu ya chumba cha mita za mraba 12, saa ya adhuhuri huingiza wati 1,000 na ushei, sawa na kuning'iniza pasi ya umeme juu ya kitanda. Anayenunua tofali jepesi huku amelala chini ya bati tupu ameanzia mwisho. Tena ukuta unaozuia joto huzuia pande zote mbili: joto lililoshuka kutoka kwenye bati halitoki kirahisi usiku, na madirisha yakifungwa chumba kinabaki na fukuto lake.

Hata hivyo kijana wa Tunguu hajakosea. Tofali la tundu lina tabia moja inayoudhi. Joto la alasiri halifiki ndani palepale. Linachukua saa kadhaa kupenya, ndiyo maana ukiweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi baada ya isha unaukuta bado una uvuguvugu, wakati nje pameshapoa. Hapa kwetu usiku haupoi kiasi cha kuufaidisha ukuta uliotunza joto. Kwa mwenye kiyoyozi, uvuguvugu huo ni umeme anaoulipia kila usiku, na kwake tofali jepesi lina maana hasa, maana hewa ya ndani ni baridi na ya nje ni moto saa zote. Nyumba za wageni za Paje na Nungwi, ambako mgeni huwasha mashine mchana kutwa, ndizo ningezipa tofali jepesi bila kusita. Nyumba ya kukaa yenye madirisha yanayopokea upepo wa kusi na kaskazi ningeipa dari, chokaa nyeupe na kivuli kwanza.

Kuhusu nguvu, hofu kubwa ya mafundi wetu ni kwamba tofali linalokatika kwa msumeno haliwezi kubeba nyumba. Tofali jepesi la uzito niliotaja hubeba kama nyutoni 3 hadi 4 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kupondeka. Ukuta wa nyumba ya chini, wenye kimo cha mita 3 na paa la bati juu yake, hauelemei tofali la mwisho chini hata kwa nyutoni 0.1 kwa milimita hiyohiyo ya mraba. Kwa hiyo kupondeka si tatizo kwa lolote kati ya hayo mawili, mradi tofali la tundu liwe limefyatuliwa kwa haki. Na hapo ndipo penye mashaka. Mfuko wa kilo 50 ukitoa matofali ya tundu ya nchi sita kama 30, mchanganyiko ni wa saruji moja kwa mchanga nane hivi. Ukitoa 50, ni moja kwa kumi na nne au zaidi, na tofali hilo kona yake inamung'unyika ukiisugua kwa kidole gumba. Mchanga ukiwa wa pwani, chumvi yake hutokeza ukungu mweupe kwenye lipu na kula nondo za nguzo. Tofali la kiwandani lina sifa moja ambayo la uwanjani halina: la kwanza na la elfu moja yanafanana.

Udhaifu wa tofali jepesi uko kwenye kitu kinachoning'inia na kwenye mzigo uliokusanyika mahali pamoja. Msumari wa kawaida unatoka kwa kuvutwa na mkono. Kabati la jikoni na mashine ya nje ya kiyoyozi vinataka plagi za nailoni zilizotengenezwa kwa tofali hilo. Mlango wa kuchonga wa mvule, ule mzito wenye njumu za shaba, usiufunge kwenye tofali jepesi lenyewe. Fremu yake itilie nguzo nyembamba za zege zenye nondo kila upande. Linta nayo ikalie sentimita 20 au zaidi kila mwisho. Kwenye tofali la tundu kazi hizi ni rahisi, unajaza zege kwenye matundu ya sehemu husika na kupitisha nondo humo humo.

Ujenzi wenyewe ndio unaoamua kama ile robo utaipata. Tofali jepesi hujengwa kwa gundi yake, kiungo cha milimita 2 au 3, kwa mwiko wenye meno. Fundi aliyezoea mota ya sentimita moja atakwambia gundi ni ghali, atachanganya saruji na mchanga kama kawaida. Mota hiyo hupitisha joto mara tano au sita zaidi ya tofali, na ingawa ni sehemu ndogo ya ukuta, inakunyang'anya karibu robo ya uwezo wa kuzuia joto ulioulipia. Kisha tofali linafyonza maji ya mota kabla haijashika, na viungo vinabaki unga. Kwa gundi, mstari wa kwanza lazima ulazwe kwenye mota juu ya karatasi ya kuzuia unyevu na kunyooshwa kwa pimamaji tofali kwa tofali, kwa sababu huko juu hakuna unene wa kurekebishia kosa. Ukishanyooka, kazi inakwenda mbio: tofali la sentimita 60 kwa 20 kwa 20 lina kilo 14 hivi likiwa kavu, nane na kidogo zinatosha mita moja ya mraba, na kipande cha kona hukatwa kwa msumeno bila kupotea.

Msingi na mstari ulio juu ya ardhi ubaki wa tofali gumu, hilo halina mjadala.

Lipu ndiyo inayotia aibu nyumba nyingi za namna hii. Lipu kali ya saruji juu ya tofali laini hupasuka kama utando na kubanduka vipande. Inatakiwa lipu dhaifu: saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, ukuta ukilowanishwa kidogo tu. Visiwani chokaa si kitu kigeni, tatizo ni fundi kuiona ya kizamani.

Adui mwingine ni masika. Tofali jepesi linakunywa mvua, na likilowa huzuia joto kwa nusu tu ya ahadi yake au pungufu. Likijengwa bichi hunywea ukutani, na nyufa hujitokeza chini ya pembe za madirisha. Kwa mzigo unaovuka bahari kushushwa bandari ya Malindi au ya Mkoani, dawa ni mizani. Pima matofali machache: yale ya kilo 14 yakisoma 19 au 20, yamejaa maji, yaweke juu ya paleti chini ya paa, pande ziwe wazi hewa ipite, hadi uzito ushuke. Hesabu na yaliyovunjika kabla ya kusaini, maana pembe zake hazivumilii kutupwa kama tulivyozoea kutupa tofali la saruji.

Ukiomba bei, usilinganishe tofali kwa tofali. Omba bei ya mita moja ya mraba ya ukuta uliokamilika, pamoja na gundi au mota, lipu, nauli ya bahari na ujira. Mwenye kiyoyozi chumba kimoja tu anaweza kutumia tofali jepesi kwenye kuta za nje za chumba hicho na la tundu kwingineko, ila kila mahali yanapokutana aweke nguzo ya zege, kwa sababu matofali hayo hayanywei sawa na ufa utafuata kiungo chao kuanzia chini hadi linta.