Laki Tisa za Watu

Jamani hii baridi ya Mafinga inafanya mtu aandike hesabu huku vidole vimeganda, ndo maana nimetuma invoisi ya madawati 60 kwa shule moja kule Mbeya ikasoma 6,372,000 na mimi nikalala usingizi mzuri kabisa. Asubuhi nafungua kotesheni niliyowapa mwanzo, naona dawati moja 90,000 VAT ikiwemo, yaani jumla 5,400,000 basi. Sasa mimi kule kwenye eksel nimechukua hiyohiyo 5,400,000 nikaipiga asilimia 18 tena juu, ikazaa 972,000 isiyo na baba!

Shetani naye hakosi, akaninong'oneza kaa kimya kaka, hawataona. Wataachaje kuona wakati oda yao ya LPO ina 5,400,000? Mhasibu akikuta hazilingani karatasi inalala mezani kwake, na mimi fundi ananidai, wa mbao ananidai.

Na kurekebisha nako si kufuta ile 972,000 tu. Bei ikiwa na VAT ndani, VAT yenyewe unaipata kwa kuzidisha 18 kugawanya 118, sio asilimia 18 ya jumla. Kwa hiyo bei bila VAT 4,576,271.19, VAT 823,728.81, jumla inarudi 5,400,000. Bahati risiti ya EFD nilikuwa sijatoa, maana ile ikishatoka huifuti, unaanza habari za kredit noti.

Namba nikaacha ileile nikaongeza R1 mbele, juu nikaandika IMEREKEBISHWA, INACHUKUA NAFASI YA ILE YA KWANZA. Usipoandika hivyo wanabaki na invoisi mbili, halafu siku ya malipo wanakuuliza tulipe ipi.

Kazi ikawa kwenye kuomba radhi. Nimeandika weee, nimeanza na kumshukuru Mungu kwa afya, nikaja kwenye baridi, nikaja kwenye mwanangu kuumwa tumbo, mama watoto akachungulia akacheka, "We baba Neema, hizo ni salamu za rambirambi au invoisi?" Nikafuta yote, nikabakiza hivi:

"Kamwene dada. Samahani, invoisi ya jana ina kosa langu, VAT nimeijumlisha mara mbili. Jumla sahihi ni 5,400,000, sio 6,372,000. Naambatanisha iliyorekebishwa, ile ya kwanza naomba usiitumie."

Nikasoma tena, nikafungua PDF kuhakiki isije ikawa nimeambatanisha ileile ya zamani (hii inatokeaga sana, msicheke), nikatuma. Nikakaa na chai yangu najiona mtu mwaminifu kuliko wote mkoa wa Iringa.

Dakika chache simu inalia tii, mhasibu huyo: "Kamwene kaka, asante. Hesabu iko sawa. Ila sisi ni shule ya msingi, wewe umeandika sekondari."

Haya, R2.