London haijashuka, ni mwezi tu uliobadilika

Kila mwaka ifikapo Juni, Masaka nchini Uganda ikiwa katika msimu wake mkuu wa kahawa ya robusta, husambaa kwenye simu picha ya chati ya bei yenye mshumaa mmoja mwekundu, yaani alama ya bei ya siku moja, uliojitenga na wenzake, na chini yake maneno matatu: "London imeanguka leo." Kufikia saa nane mchana wanunuzi wa barabarani wameshapunguza bei ya kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake. Mara nyingi siku hiyo bei ya soko la London haikuanguka kabisa. Kilichotokea ni kwamba chati iliacha kusoma mkataba wa Julai ikaanza kusoma wa Septemba, na kahawa ya Julai na ya Septemba hazina bei moja.

Tuanze na soko lenyewe. Robusta huuzwa kwa mikataba ya fyucha, yaani ya kukubaliana bei leo na kukabidhi kahawa mwezi wa mbele, katika soko la ICE la London, kwa dola kwa tani, na loti moja ni tani 10. Hakuna mkataba mmoja unaoendelea mwaka hadi mwaka. Ipo miezi sita ya kukabidhi: Januari, Machi, Mei, Julai, Septemba na Novemba. Kwenye skrini kila mwezi una herufi yake, F, H, K, N, U na X, ndiyo maana mkataba wa Julai 2025 uliandikwa `RCN2025` na wa Septemba `RCU2025`. Kila mkataba huzaliwa, huuzwa, kisha hufa. Notisi za kukabidhi kahawa huanza kutolewa siku chache za kazi kabla mwezi wenyewe haujaingia, kwa hiyo asiyetaka kupewa wala kutoa magunia kwenye ghala la Antwerp huanza kuondoka wiki kadhaa mapema. Hununua alichouza au kuuza alichonunua katika mwezi wa karibu, na papo hapo hufungua nafasi ileile katika mwezi unaofuata. Huko ndiko kuhama mkataba, ambako madalali hukuita rolova.

Sasa mtu anataka kuona bei ya miaka mitano kwenye mstari mmoja. Mkataba hauishi miaka mitano, kwa hiyo programu ya chati huchukua vipande vya mikataba na kuviunga. Ukiandika `RC1!` kwenye TradingView, tovuti ya chati za bei, hutazami mkataba wowote unaoweza kununuliwa. Unatazama mshono wa mikataba mingi, kila mmoja ukiwa umeshika zamu yake ya kuwa wa mbele.

Tuchukue hesabu ya mfano. Jumanne, siku ya mwisho ambayo mkataba wa Julai uko mbele kwenye chati, Julai inafunga 4,310 na Septemba, siku hiyohiyo, inafunga 4,190. Pengo kati ya miezi ni dola 120. Jumatano soko linapanda kidogo, na Septemba inafunga 4,205. Chati iliyounganishwa bila marekebisho itaweka 4,310 kisha 4,205, yaani imeshuka dola 105. Lakini aliyekuwa na mkataba wa Septemba amepata dola 15.

Ipeleke hesabu hiyo dukani. Kwa urahisi tuseme dola ni shilingi 3,600 za Uganda. Dola 105 kwa tani ni shilingi 378 kwa kilo ya kase, yaani kahawa iliyokwisha kukobolewa. Dola 15 ni shilingi 54, tena za kuongeza. Mnunuzi aliyeamini chati na kukata 378 kwenye lori la tani 10 amemnyima mkulima shilingi 3,780,000 kwa sababu ya mshono, kabla hata hatujamdai zile 54. Wengine hufanya hivyo kwa kutojua. Wengine, naamini, wanajua vizuri sana. Ajabu ni kwamba mshono unapoipandisha bei, picha hiyo haisambazwi kwa kasi ileile.

Kwa nini Septemba iwe rahisi kuliko Julai? Kahawa ni ileile, ila wakati si uleule. Akiba ikiwa haba, mwenye kiwanda cha kukaanga anayehitaji kahawa sasa hulipa zaidi ili aipate sasa, na mwezi wa karibu huwa ghali kuliko wa mbali. Maghala yakijaa, mambo hugeuka: mwezi wa mbali hubeba gharama za ghala, bima na riba, na huwa juu. Katika hali ya kwanza mshono huonekana kama anguko. Katika ya pili huonekana kama kupanda. Kwa hiyo ukubwa wa pengo ni habari ya kweli kuhusu akiba. Uongo ni kulisoma pengo hilo kama mwendo wa bei wa siku moja.

Njia ya kulitambua ni rahisi na haihitaji kulipia chochote. Ukiona pengo kwenye `RC1!`, fungua mkataba wa Julai peke yake, kisha wa Septemba peke yake, utazame tarehe ileile. Kama miezi yote miwili iliruka, bei iliruka kweli. Mapengo ya kweli yapo: London hufunga saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zao, ambayo Kampala ni saa moja na nusu majira yao ya joto, na habari za usiku husubiri mlango ufunguliwe asubuhi. Lakini kama kila mwezi ulitembea kawaida na ni chati ya kuunganishwa tu iliyoruka, umekutana na mshono. Tahadhari moja: usishangae tovuti mbili zikionyesha mshono huo siku tofauti. Moja huhama mkataba wa zamani unapokufa, nyingine biashara kubwa inapohamia mwezi mpya. Inayosubiri mpaka mwisho hukuonyesha siku za mkataba usio na watu, ambapo loti chache husukuma bei ovyo.

Wapo wanaosema dawa ni kubonyeza `B-ADJ`, kitufe cha kurekebisha chati, na mambo yaishe. Hapo natofautiana nao nusu. Marekebisho ya kawaida huchukua tofauti ya miezi miwili kwa wakati mmoja, hapa 4,190 kutoa 4,310, yaani −120, na kuiongeza kwenye bei zote za nyuma. Julai ya Jumanne inakuwa 4,190, ya Jumatatu iliyokuwa 4,280 inakuwa 4,160, na Jumatano inabaki 4,205. Mwendo wa kila siku sasa ni sahihi: +30, kisha +15. Ukitaka kujitengenezea kwenye jedwali la hesabu, weka tarehe safu ya A, Julai B, Septemba C, na siku ya kuhama iwe mstari wa 31:

```
=IF(A2<=$A$31, B2+($C$31-$B$31), C2)
```

Kosa linalojirudia hapa ni kuchukua Julai ya Jumanne na Septemba ya Jumatano. Ukifanya hivyo tofauti inakuwa −105, na ile dola 15 ambayo soko lilipanda kweli inamezwa. Tofauti lazima ipimwe miezi yote miwili ikiwa sokoni, siku moja, saa moja.

Shida ni kwamba chati iliyorekebishwa inasema kweli kuhusu mwendo na uongo kuhusu kiwango. Kila kuhama huongeza tofauti yake juu ya zilizotangulia. Mihamo sita kwa mwaka, kila mmoja ukishusha dola 100, ni dola 600 zimeondolewa kwenye bei ya mwaka mmoja nyuma. Ikiendelea miaka miwili, bei iliyokuwa 1,200 kweli itaandikwa sifuri kwenye skrini. Hakuna aliyewahi kuuza robusta bure. Kwa hiyo anayetazama chati hiyo na kusema "hii ni bei ya juu kuliko zote" au "soko liligeukia palepale pa 2020" anasoma namba ambazo hazikuwahi kulipwa na mtu.

Badala ya kutoa, unaweza kuzidisha: 4,190 gawanya kwa 4,310 ni 0.972, na bei zote za nyuma zinazidishwa kwa hiyo. Asilimia za mwendo hubaki sawa na bei haziingii chini ya sifuri, jambo linalofaa anayepima mbinu ya miaka mingi. Njia hiyo nayo ina ukomo wake. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani ya Mei yalifunga −37.63, na ya Juni 20.43. Gawanya uone: uwiano ni hasi, na historia yote ya nyuma inapinduliwa kichwa chini miguu juu. Kwa kahawa hatujafika huko, ila anayetumia programu moja kwa bidhaa zote ajue.

Kwa anayenunua na kuuza kahawa halisi, ushauri wangu ni kuacha chati za kuunganishwa kabisa anapopanga bei. Sababu ni ile tofauti ambayo wauzaji nje hutaja juu au chini ya London. Tuseme kase yako ilikuwa "Julai kutoa 200": 4,310 kutoa 200 ni 4,110. Ukihamia Septemba, bei ileile inaandikwa "Septemba kutoa 80", kwani 4,190 kutoa 80 pia ni 4,110. Tofauti imesogea kwa dola 120 zilezile za pengo. Anayekuambia "bado ni kutoa 200, tumebadilisha mwezi tu" amekukata shilingi 432 kwa kilo bila kugusa mizani.

Upande wa anayekinga bei ni mgumu zaidi. Muuzaji nje mwenye tani 50 ghalani ameuza loti 5 za Julai, ili bei ikishuka faida ya mkataba ifidie hasara ya kahawa. Anazinunua kwa 4,310 na kuuza Septemba kwa 4,190. Chati inamwonyesha soko limeshuka 120, kana kwamba amepata dola 6,000. Akaunti yake haijapata hata senti kutokana na kuhama huko. Kinyume chake, kahawa ya mkononi ikibaki 4,310 mpaka Septemba ikaribie kufa, mkataba wake utapanda taratibu kuifuata, naye atakuwa amelipa dola 120 kwa tani, kidogo kidogo, huku kahawa ghalani haijaongezeka thamani. Pengo halikumgusa siku ya mshono. Humjia wiki kwa wiki baada ya hapo, kwenye taarifa ya dalali. Kwa hiyo kabla ya kuhama, aandike tofauti ya Julai na Septemba ya siku hiyo kwenye hesabu zake kama gharama inayoweza kuja, na amwagize dalali atekeleze miezi yote miwili kwa amri moja ya tofauti. Akinunua Julai asubuhi na kuuza Septemba jioni, katikati hapo tani 50 zake hazina kinga yoyote.

Na ukitumiwa ile picha ya mshumaa mwekundu, mwulize aliyeituma swali moja: mwezi gani, na jana mwezi huohuo ulifunga ngapi?