Noti za pichani na noti za mkononi

"Kuna jamaa anauza dola 3,000 kwa bei nzuri kuliko duka la fedha. Kanitumia picha, noti zimepangwa mezani, namba zinasomeka, na pembeni kaweka karatasi yenye jina langu na tarehe ya leo. Anataka nusu ya hela kwanza kwenye simu. Hiyo picha si ushahidi tosha?"

Usitume hata shilingi. Lakini picha usiifute, kwa sababu ina kazi yake. Maswali matatu yamefungwa humo kama swali moja: noti zilikuwepo mbele ya kamera? Ni halali? Ni zake, na zitafika kwako? Jibu la kila moja lina uzito tofauti.

Nianze na uhalali, maana hapa picha inasaidia kuliko watu wanavyodhani, ila kwa upande mmoja tu. Noti ya dola 100 ya sura mpya, ile yenye utepe wa buluu iliyoanza kutoka Oktoba 2013, ina namba ya herufi na tarakimu 11. Herufi ya kwanza inafuata toleo lililoandikwa upande wa mbele wa noti. Toleo la 2009A huanza na L, la 2013 na M, la 2017 na N, la 2017A na P. Kuza picha, usome noti moja moja. Ukikuta noti imeandikwa 2017A na namba yake inaanza na N, imekwisha, hiyo ni bandia au picha imechezewa. Vilevile ukikuta noti mbili za toleo moja zenye namba moja. Anayechapa noti nyumbani hunakili noti halali moja au chache, kwa hiyo namba hujirudia. Ndiyo sababu noti zilizotandazwa zina faida kuliko bunda linaloonyesha ile ya juu peke yake. Katikati ya bunda panaweza kuwa na karatasi nyeupe. Angalia na unene pia. Noti 30 za dola 100 zikilaliana hazizidi sana milimita tatu. Ukionyeshwa bunda nene kama tofali na kuambiwa ndiyo hizo 3,000, basi ama noti ni ndogo ndogo, ama maelezo hayaendani na picha.

Sasa tuseme namba zote zimekubali. Hapo watu wengi hupumua, na hapo ndipo wanapokosea. Namba sahihi haithibitishi noti halali, kwa kuwa aliyenakili noti ya kweli amenakili na namba yake. Alama zinazomshinda mwigaji zimewekwa makusudi mahali ambapo picha haifiki. Kengele iliyo ndani ya kidau cha wino hubadilika kutoka rangi ya shaba kuwa kijani unapoinamisha noti. Utepe wa buluu umefumwa ndani ya karatasi, haukuchapwa juu yake, na ukiinamisha noti vikengele na namba 100 zilizomo huonekana kutembea. Sura ya pili ya Benjamin Franklin, yule mtu aliyechorwa kwenye noti, huonekana noti ikishikwa mbele ya mwanga. Begani kwa Franklin wa mbele kuna mkwaruzo unaousikia kwa kidole. Kuinamisha, kumulika, kugusa: yote matatu yanataka noti yenyewe. Hata yale maandishi madogo sana kwenye ukosi wa koti lake hupotea WhatsApp inapopunguza ukubwa wa picha.

Video ni bora kuliko picha, hilo nakubali. Akiinamisha noti ukaona kengele inageuka, umepata kitu ambacho picha tuli haina. Ila umekipata kwa noti hiyo moja aliyoishika, si kwa zile 29 zilizobaki.

Tukija kwenye ile karatasi yenye jina lako, imetumika kukushawishi kuwa noti ziko kwake leo. Kama haikupachikwa kwa programu ya kuhariri picha, kazi ambayo siku hizi haichukui dakika nyingi, basi inaonyesha kwamba picha ilipigwa baada ya wewe kuiomba. Ukitaka kuipima, omba kitu ambacho hakuweza kukiandaa: noti ya tatu igeuzwe chini juu, ufunguo uwekwe juu ya ya tano, apige sasa hivi. Akirudisha picha ndani ya dakika mbili, nitaamini kuwa noti zipo mbele ya mtu fulani.

Nimesema mtu fulani kwa sababu si lazima awe yeye, na hili ndilo linaloniumiza zaidi katika biashara hizi. Tapeli anaweza kumtafuta mtu mwenye dola za kweli, akajifanya mnunuzi kwa jina lako. Anamwambia, "Nipigie picha na karatasi yenye jina langu ili niamini." Mwenye dola, mtu mwaminifu kabisa, anapiga. Picha inatoka kwake, inapita kwa tapeli, inafika kwako. Ukiomba noti ya tatu igeuzwe, ombi linapita njia hiyohiyo na linatimizwa. Noti ni halali, karatasi ni ya kweli, tarehe ni ya leo, na nusu ya hela yako inaingia kwenye simu ya mtu asiye na hata dola moja. Hakuna ukaguzi wa picha utakaolifichua hilo, kwa sababu picha haina kosa.

Kwenye bidhaa hali hubadilika kidogo. Muuzaji wa simu akikutumia picha ya IMEI baada ya kubonyeza *#06#, amekupa namba unayoweza kuipeleka nje ya picha. Tanzania unaituma kwa ujumbe kwenda 15090 na unajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja aina nyingine, umeokoka. Likilingana, umejua kuwa namba ni ya simu ya aina hiyo, basi. Nani anaishika simu hiyo leo, ujumbe hauwezi kukuambia.

Nimtendee haki na muuzaji. Mtu anayekataa kutuma picha ya fedha huenda ana sababu nzuri, kwani picha ya dola mezani inamwambia mgeni kwamba ndani ya nyumba fulani kuna hela taslimu, na hajui itasambazwa kwa nani. Kwa hiyo kukataa picha nisingekuhesabu kama dalili ya utapeli. Kudai malipo kabla ya noti kuguswa ndiko ninakokuhesabu, hata kama ametuma picha kumi safi.

Halafu kuna sheria. Kubadili fedha bila leseni ya Benki Kuu ni kosa, na ukipewa noti bandia huko mtaani utabaki nayo mkononi wewe.

Mjibu hivi: picha nimeiona, namba nimezisoma, sasa tukutane kwenye duka la fedha lenye leseni, wewe uuze dola zako kaunta, mimi ninunue zangu hapohapo. Utakosa ile bei nzuri, ila kila noti itapita kwenye mashine kabla hela yako haijatoka. Na kama mwenye dola ni mtu wa tatu, hapo kaunta ndipo mtakapoonana naye kwa mara ya kwanza, naye atashangaa kusikia kwamba kuna aliyekuomba nusu.