Gezellig kwa Kiswahili: tuanze na "pamenoga"

Gezellig ni neno la Kiholanzi la kusifia raha ya kuwa pamoja na watu, au mahali panapokukaribisha. Waholanzi hulitamka karibu na "khezelekh", na kh mbili za kukwaruza kooni. Shina lake ni gezel, yaani mwenzi. Katika vyama vya mafundi vya zamani ndilo jina la fundi aliyemaliza uanagenzi lakini hajawa fundi mkuu. Kwa hiyo ndani ya gezellig mna wenzako, kabla hujafikia mishumaa na taa hafifu.

Wanaolifasiri kwa Kiswahili hukimbilia "starehe" au "utulivu". Mimi sikubaliani na yote mawili. Starehe inanuka fedha na vinywaji. Utulivu nao unaweza kuwa wa mtu aliyejifungia peke yake, ilhali mkahawa wa Amsterdam uliojaa watu wanaopishana kwa mabega Jumamosi jioni ni gezellig kabisa.

Kinachokaribia zaidi ni kitenzi "kunoga". Chakula kikikolea viungo hunoga, na mazungumzo nayo hunoga. Halafu sarufi yetu inatupa kitu ambacho Mholanzi hana: pa-, ku- na mu-. Akiingia kwenye mkahawa wa kizamani, ule wa kuta za mbao zilizogeuka kahawia kwa moshi wa sigara wa miaka mingi, meza zimetandikwa vizulia, akasema "Wat gezellig hier!", mimi naandika "Hapa pamenoga!" Mahali penyewe ndipo panaponoga, bila kumtaja mtu wala kitu.

Ila usilibandike kila mahali. Mtu akiitwa gezellig, huyo ni mchangamfu, mtu wa watu. Ukimwalika rafiki chakula cha jioni naye akajibu "Gezellig!" tu, hasifu chochote, anaipokea kwa furaha: "Itapendeza sana, nakuja." Na anayeaga sherehe saa tatu usiku huambiwa asiwe ongezellig. Hapo ningeandika "Usitupoozee baraza bwana!" na msomaji wa Mombasa au Tanga angeusikia hata ule utani wa lawama.

Kazi ngumu ni chumba kitupu. Kina taa ya manjano pembeni, mito kwenye kochi, maua dirishani. Mholanzi anakiita gezellig ingawa hakuna mtu. Kwetu chumba kisicho na watu hakinogi, na hata "kumechangamka" kunadai sauti za watu. Hapo naacha kutafuta neno moja, naandika "chumba kinachokukaribisha ukae", kisha nabakiza taa na mito jinsi vilivyo, maana ndivyo vinavyobeba maana. Sentensi inarefuka, na mhariri atalalamika. Alalamike tu, afadhali hivyo kuliko "chumba cha starehe", maneno ambayo msomaji atayaelewa kama tangazo la hoteli, au kitu kibaya zaidi.