"Ni mchele tu", kumbe ni statini

"Mbadala wa asilia wa statini." Wauza vidonge vya mchele wa hamira nyekundu wanaipenda sana kauli hii, na ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Statini ni dawa za hospitali za kushusha kolesteroli. Mbadala gani? Kinachoshusha kolesteroli ndani ya kidonge hicho ni monakolini K, na monakolini K ni lovastatini, mojawapo ya statini hizohizo. Sisemi vinafanana. Ni molekuli ileile, atomi kwa atomi. Ni kama kumwambia mwenye kisukari aache sukari ya dukani, anywe juisi ya miwa.

Mwaka 1979 mtafiti wa Kijapani, Akira Endo, aliitoa kwenye ukungu wa Monascus akaipa jina monakolini K. Kampuni ya Merck ya Marekani nayo ilikuwa imeipata kwenye ukungu mwingine, Aspergillus terreus. Zilipolinganishwa, zikawa kitu kimoja. Mwaka 1987 Marekani ikaidhinisha lovastatini kuwa dawa, statini ya kwanza kufika madukani. Kwa hiyo hata kile kidonge cha hospitali wanachokiita "kemikali" kilianzia kwenye ukungu.

(Na jamani, huu si ule mchele mwekundu wa sokoni wenye ganda jekundu. Huu ni mchele mweupe uliopikwa, ukapandwa ukungu na kuachwa uchachuke mpaka ukawa mwekundu kama damu ya mzee. Wachina wanauita hongqu, na wameutumia karne nyingi kutia rangi nyama na vyakula vingine.)

Sasa twende kwenye ini, maana hapo ndipo ubishi unapokwisha. Seli za ini hutengeneza kolesteroli kwa hatua nyingi, na moja ya hatua za mwanzo ndiyo inayoamua kasi ya kazi yote. Hapo kimeng'enya kiitwacho HMG-CoA redaktesi hupokea malighafi iitwayo HMG-CoA na kuigeuza kuwa mevalonati. Pasipo mevalonati, hatua zinazofuata hazina cha kufanyia kazi.

Ndani ya kidonge, sehemu kubwa ya monakolini K huwa imejifunga mfano wa pete, na ikiwa hivyo haizuii chochote. Mwilini pete hufunguka, na ule mkia uliofunguka unafanana sana na HMG. Kimeng'enya kinadanganyika. Molekuli inakaa pale pale ambapo HMG-CoA ingekaa, nayo imeng'ang'ania kwa nguvu maelfu ya mara kuliko mwenye kiti. Ni abiria aliyekalia siti ya daladala, hashuki wala halipi nauli, na wenye safari wamebaki kituoni.

Wengi huishia hapo, wakidhani LDL, ile kolesteroli mbaya ya kwenye damu, imeshuka kwa sababu ini limepunguza kutengeneza. Hiyo ni nusu tu ya habari. Seli ya ini ikiona kolesteroli yake ya ndani imepungua, inawasha jeni za kutafuta nyingine, na moja ya kazi za jeni hizo ni kuongeza vipokezi vya LDL juu ya ngozi ya seli. Vipokezi hivyo ndivyo vinavyoichota LDL kutoka kwenye damu. Njaa ya ini ndiyo inayosafisha damu. Lakini njaa hiyohiyo hulifanya ini litengeneze kimeng'enya kingi zaidi kufidia kilichozuiwa. Ndiyo maana ukiacha kidonge, kwa statini yoyote ile, LDL hurudi juu ndani ya wiki chache. Hakuna "dozi ya kusafisha mishipa" ya mwezi mmoja ukamaliza. Anayekuuzia hiyo anakuuzia maneno.

Basi tumchukue mtu wa miaka 58 anayemeza kila jioni vidonge vyenye jumla ya miligramu 10 za monakolini K. LDL yake imeshuka, tuseme kwa asilimia 20, jambo la kawaida kwa kiasi hicho. Halafu tumbo linamsumbua, anapimwa, anakutwa na wale bakteria wa vidonda vya tumbo. Daktari anauliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?" Anajibu, "Hapana daktari, nakula tu mchele wa Kichina." Anaandikiwa klarithromaisini miligramu 500 mara mbili kwa siku, pamoja na amoksilini na omeprazoli, kwa siku 14. Kwa mtu ambaye hatumii statini, hiyo ni tiba ya kawaida kabisa.

Kasoro iko hapa. Lovastatini huvunjwavunjwa na kimeng'enya kingine, CYP3A4, kilichoko kwenye utumbo na ini, na klarithromaisini hukifunga hicho. Zile miligramu 10 sasa haziondoki kama zamani, zinarundikana kwenye damu kana kwamba amemeza mara kadhaa ya dozi yake. Dalili zikija, huanzia kwenye misuli ya mapaja na mabega: maumivu pande zote mbili, ngazi zinakuwa kazi, kuinuka kwenye kiti mpaka ushike kitu. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, misuli inavunjika na mabaki yake yanaziba figo. Hapo mtu hasubiri kesho. Anaacha vidonge na kwenda hospitali, na kipimo cha kuomba ni CK ya damu, kimeng'enya kinachovuja misuli ikivunjika.

Mgonjwa huyohuyo angesema "natumia lovastatini", daktari angeisimamisha kwa hizo siku 14, au angebadilisha antibiotiki. Neno moja tu! Itrakonazoli ya fangasi ina kasoro hiyohiyo, na vilevile dawa za VVU zenye ritonaviri, na pia juisi ya balungi. Mwenye atovastatini nyumbani akiongeza na kidonge hiki amemeza statini mbili. Mjamzito asikiguse.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kitu chenyewe kinafanya kazi. Wachina walifanya jaribio kwa watu karibu 5,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, likachapishwa mwaka 2008, na waliopewa dondoo la mchele huu walipata matukio mapya ya moyo machache kuliko waliopewa kidonge kitupu. Lakini lile dondoo lilipimwa: kati ya miligramu 10 na 13 hivi za lovastatini kwa siku, kila siku. Chupa za mtandaoni ni mchezo wa pata potea. Bidhaa 12 zilizopimwa Marekani na kutolewa taarifa mwaka 2010 zilikuwa na monakolini K kuanzia miligramu 0.1 hadi 10 kwa kidonge, na 4 kati yake zilikutwa na sitrinini, sumu ya ukungu inayoshambulia figo. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2022 unataka virutubisho viwe na chini ya miligramu 3 kwa siku. Chupa nyingi huandika "miligramu 600 za mchele". Hilo ni jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Kama unacho tayari kabatini, tafuta kwenye lebo miligramu za monakolini K, na uthibitisho kwamba sitrinini imepimwa. Visipoandikwa vyote viwili, kirudishe dukani. Vikiandikwa, pima LDL na ini kabla ya kuanza, meza na chakula cha jioni, rudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 8. Na ukiulizwa unatumia dawa gani, usiseme mchele. Sema lovastatini, na utaje miligramu.