Kloral haidreti: hatari huja mtoto akishaamka

"Daktari kanambia mwanangu apigwe eko, yaani picha ya moyo, Unguja, na huenda akalazwa usingizi kwa dawa kwa sababu hatulii. Ana mwaka na nusu. Zamani mtoto wa dada yangu alipewa dawa ya maji, chungu kwelikweli, akalala fofofo. Nimeiulizia naambiwa siku hizi haitumiki. Ilikuwa na ubaya gani?" Mama mmoja, Wete.

Kwa maelezo hayo, dawa aliyopewa mtoto wa dada yako inaelekea kuwa kloral haidreti. Ni dawa kongwe. Justus von Liebig aliitengeneza Ujerumani mwaka 1832, na mwaka 1869 Oskar Liebreich wa Berlin akaonyesha kuwa inaleta usingizi. Liebreich alidhani ikifika kwenye damu inageuka klorofomu. Sivyo. Mwili huigeuza haraka kuwa kitu kiitwacho trikloroethanoli, na hicho ndicho kinachomlaza mtoto. Jina ni gumu, lakini sifa na lawama za dawa hii zote zinatoka hapo.

Tuanze na sifa, kwa sababu wanaoitetea si wajinga. Inanywewa, haidungwi, na mtoto akiogopa sindano hilo si jambo dogo. Kwa kawaida, ndani ya dakika 30 hadi 60 mtoto mdogo ameshalala, na usingizi wake unafika saa moja au mbili, muda wa kutosha kupiga eko au kupima kusikia. Kwa kipimo cha umeme wa ubongo ilikuwa na faida ambayo dawa nyingine nyingi hazina: kwa dozi ya kawaida haiharibu sana michoro. Midazolamu, dawa nyingine ya kulaza, ni ndugu wa diazepamu, inazuia kifafa, kwa hiyo inaweza kuficha hicho hicho kinachotafutwa. Wachambuzi wa Kokreni, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipokusanya tafiti za vipimo vya ubongo kwa watoto, waliona kloral haidreti ya kunywa inashindwa kulaza mara chache kuliko promethazini, dawa ya mafua inayosinzisha. Basi haikuachwa kwa kuwa haifanyi kazi. Inalaza, na inalaza vizuri.

Kasoro yake ni kwamba haiondoki mwilini mapema. Chukua mtoto wa kilo 10 aliyeletwa Mjini kutoka Nungwi. Dozi iliyozoeleka ni miligramu 50 kwa kila kilo, kwa hiyo anapewa miligramu 500 saa tatu asubuhi. Saa nne amelala, kipimo kinapigwa, saa tano anafumbua macho, analia, anataka ziwa. Kila mtu anafurahi na kitanda kinahitajika. Lakini trikloroethanoli kwa mtoto wa umri huo huchukua kama saa 10 kupungua nusu. Yaani saa moja usiku bado nusu yake imo mwilini, na alfajiri ya siku ya pili, kama saa kumi na moja, imebaki robo. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kupungua nusu tu kunaweza kuzidi saa 30.

Mbona basi aliamka? Kwa sababu aliguswa, akasemeshwa, akatolewa kwenye chumba cha giza. Kelele zilimwamsha, dawa ilikuwa bado. Sasa mama anapanda naye daladala. Safari ni zaidi ya saa nzima, gari inatikisika, joto, mtoto yuko kifuani ndani ya kanga. Analala tena, na safari hii hakuna muuguzi anayemtazama. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa shingo yake, kikiinama mbele kidevu kinagusa kifua, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inabanwa. Mtoto mwenye usingizi wa kawaida angejigeuza au angelia. Huyu hana nguvu hiyo. Na mama anaona mwanawe kapumzika baada ya siku ngumu.

Hilo silitungi. Mwaka 2000 Charles Coté na wenzake wa Marekani walichapisha uchambuzi wa watoto waliopata madhara makubwa au kufa baada ya kulazwa kwa dawa kwa ajili ya vipimo na matibabu. Baadhi yao walifikwa garini au nyumbani, wakiwa wameshatoka hospitali, na dawa zilizohusika ni zile zinazokaa sana mwilini, kloral haidreti ikiwemo. Wengine walipewa dawa nyumbani kabla ya safari ili wafike wamelala. Kule ilikuwa viti vya watoto ndani ya gari, huku kwetu ni mapaja na mbeleko, lakini shingo ni ile ile.

Dalili zinaonekana kama mtu anazijua. Mkoromo mpya ambao mtoto hakuwa nao. Nyama za katikati ya mbavu kuvutika ndani kila anapovuta pumzi. Kifua kinapanda na kushuka lakini ukiweka kiganja mbele ya pua husikii hewa. Midomo huenda isikuonyeshe kitu kwa mtoto mweusi, tazama ufizi na ulimi kama umepauka au umekuwa wa buluu. La kwanza ni kuinyoosha shingo na kuinua kidevu, hapo hapo, kabla ya kupiga kelele za kuomba gari isimame. Asipoamka vizuri au pumzi isipokaa sawa, anapelekwa kituo cha afya kilicho karibu.

Na akifika huko hakuna sindano ya kuiondoa dawa hii kwa uhakika. Midazolamu hupinduliwa na flumazenili, mofini hupinduliwa na naloksoni. Kloral haidreti ikizidi, kazi ni kumsaidia kupumua mpaka mwili uimalize wenyewe. Dozi kubwa pia huvuruga mapigo ya moyo, na hapo kuna mtego: adrenalini, ambayo daktari wa dharura huikimbilia, inaweza kuyazidisha machafuko hayo. Kinachosaidia ni dawa za kundi la propranololi, zinazotuliza mapigo. Asiyejua mtoto alipewa nini anaweza kumtibu kinyume.

Makosa ya kupima dozi nayo yamechangia. Dawa hii imekuwa ikitengenezwa kwa nguvu tofauti, hasa pale wafamasia walipoichanganya wenyewe kutoka kwenye unga. Chupa yenye miligramu 100 kwa mililita inamfanya mtoto wetu wa kilo 10 anywe mililita 5. Chupa nyingine yenye miligramu 200 kwa mililita, mililita 5 zile zile ni miligramu 1,000, dozi maradufu. Cheti kikiandikwa "mpe mililita tano" bila miligramu, mtu wa dirishani hana pa kukamata kosa. Zaidi ya hapo, inachoma tumbo na watoto wengi huitapika. Dakika 30 zimepita, mtoto kachangamka kuliko alivyokuja, chumba kinasubiri, mtu anaongeza dozi. Ile ya kwanza haikupotea, ilichelewa tu, na sasa ziko mbili.

Huenda ukasikia pia habari ya saratani. Mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kloral haidreti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mzito ni wa panya, na binafsi naona hii ndiyo hoja dhaifu kwa mtoto anayekunywa mara moja maishani. Ina uzito kwa mtoto anayepewa kila usiku wiki hadi wiki. Uingereza mwaka 2021 iliibana hivyo: kwa watoto iwe kwa tatizo kali la usingizi kwa wenye maradhi ya ukuaji wa ubongo, tena kwa muda mfupi, baada ya njia nyingine kushindwa. Marekani viwanda viliacha kutengeneza ile ya maji mwaka 2012.

Sasa upande wa pili unauliza swali ambalo haifai kulikwepa. Mbadala bora ni upi? Deksmedetomidini ya kupuliza puani inamlaza mtoto usingizi unaofanana na wa kawaida na haizuii sana pumzi, ila inapunguza mapigo ya moyo na bei yake si ya kila hospitali. Propofoli inataka mtaalamu wa nusukaputi awepo pale pale. Daktari wa kisiwani anaweza kusema: nikiikataa kloral haidreti, mtoto huyu hapimwi, na tundu la moyo halijulikani mpaka amechelewa. Nalikubali hilo nusu. Nusu nyingine ni kwamba hospitali isiyo na mtu wa kukaa na mtoto saa nzima, wala kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ndiyo hasa isiyofaa kuwa na dawa hii. Urahisi wa kuinywesha unadanganya, kwa sababu gharama yake iko kwenye uangalizi wa baadaye. Penye uangalizi huo na kitanda cha kulala hadi kesho, sioni dhambi kuitumia kwa kipimo cha ubongo. Kwa mtoto wa kurudi shamba jioni ile ile, hapana.

Wala usiende kuijazia pengo kwa promethazini ya dukani. Najua iko majumbani kwa ajili ya mafua na safari za boti, lakini haipewi mtoto chini ya miaka miwili, kwa sababu ile ile ya pumzi.

Kwa mwanao, uliza kwanza kama wanaweza kujaribu usingizi wake mwenyewe. Eko haiumi, inataka utulivu tu. Watoto wachanga wengi hupimwa hivyo bila dawa: wanafikishwa na njaa na uchovu, wananyonya pale pale, wanafungwa nguo, chumba kinatiwa giza. Kwa mwaka na nusu ni kazi zaidi, lakini ukimwamsha alfajiri na ukamzuia asilale njiani, saa ya usingizi wake wa mchana inaweza kutosha. Ila wakisema dawa itatumika, utaratibu unageuka: maziwa ya mama yasimamishwe saa 4 kabla, na chakula mapema zaidi kama watakavyokuelekeza, maana akitapika amelala matapishi yanaingia mapafuni.

Dawa yoyote watakayotumia, ipewe hospitali, si nyumbani wala botini, na uandikiwe jina lake na miligramu alizopewa. Kabla hamjaruhusiwa, akae dakika 20 mahali pa kimya bila kuchezewa. Akisinzia tena, bado. Anywe bila kutapika, na akae au atembee kama alivyokuja. Boti ya kurudi Pemba, kata tiketi ya siku ya pili.