Hasara ilikuwa ndogo, ila hakuna aliyejua iko kwa nani

Yakianza mazungumzo ya msukosuko wa fedha wa 2008, haziishi dakika tano kabla mtu hajasema: "Wamarekani walikopesha watu wasio na uwezo, wakashindwa kulipa, dunia ikaanguka." Juzi nimeyasikia tena kutoka kwa jamaa yangu ambaye ni ofisa mikopo benki. Alisema kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kusimamia minada ya nyumba za watu. Sikumbishia kwa sababu tulikuwa msibani, lakini ubishi ule nimerudi nao nyumbani.

Kinachonisumbua ni hesabu. Mwanzoni mwa 2007, mikopo yote ya nyumba waliyopewa Wamarekani wenye rekodi dhaifu ilikuwa kama dola trilioni 1.3. Tuseme nusu yake inashindikana kulipwa, na kila nyumba inayopigwa mnada inarudisha nusu tu ya deni. Hasara hapo ni dola bilioni 325. Ni pesa nyingi mno, lakini soko la hisa la Marekani lilipoporomoka kati ya 2000 na 2002, baada ya ile homa ya kampuni za intaneti, zilipotea zaidi ya dola trilioni 5. Watu waliumia, uchumi ukayumba kidogo, na mabenki ya dunia yakaendelea kukopeshana kama kawaida. Iweje basi hasara ndogo kuliko ile iwashinde?

Jibu langu liko kwenye namna mikopo ile ilivyofungwa pamoja na kuuzwa. Niuchukue mzigo mmoja wa kweli, ambao tume ya uchunguzi ya Marekani iliufuatilia kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 2006, benki ya Marekani ya Citigroup walinunua mikopo 4,499 ya nyumba iliyotolewa na kampuni moja ya California, New Century. Jumla yake ilikuwa dola milioni 947. Wakopaji walitoka majimbo mbalimbali, California na Florida yakiongoza, na mikopo mingi ilikuwa ya aina iliyopendwa sana miaka ile: riba haibadiliki kwa miaka 2 ya mwanzo, halafu kwa miaka 28 iliyobaki inapanda na kushuka na soko. Kupanda ndiko kulikotarajiwa. Mkopaji aliambiwa asihofu, kwa sababu kabla miaka 2 haijaisha nyumba yake itakuwa imepanda bei, naye atachukua mkopo mpya alipe ule wa zamani. Ukiangalia vizuri, uwezo wake wa kulipa haukutegemea mshahara. Ulitegemea bei ya nyumba iendelee kupanda.

Mikopo ile iliwekwa kwenye mfuko wa kisheria uliopewa jina CMLTI 2006-NC2, na mfuko ukauza hatifungani. Wazo lenyewe halikuwa geni wala ovu. Mashirika ya serikali ya Marekani yalikuwa yakiifunga mikopo ya nyumba namna hii tangu 1970. Mwekezaji hununua haki ya kupokea marejesho ya maelfu ya wakopaji kwa pamoja, na benki hupata pesa ya kukopesha wengine.

Utundu ulikuwa kwenye kuugawa mfuko. Ufikirie kama jengo la ghorofa katika bonde linalofurika. Hasara ni maji. Yakiingia, anayelowa kwanza ni wa chini kabisa, na wa juu hasikii kitu mpaka wa chini yake wote wamezama. Kwa kuwa wa chini anabeba hatari, analipwa riba nono. Wa juu analipwa kidogo na analala usingizi. Jengo hili lilikuwa na matabaka 19, na asilimia 78 ya thamani yake ilipewa alama ya AAA, alama ile ile wanayopewa wakopaji wasiotiliwa shaka duniani.

Hapa sina ugomvi mkubwa. Mikopo dhaifu ikichanganywa, ni kweli kwamba si wote watashindwa siku moja, na aliye ghorofa ya juu ana kinga nene chini yake. Nyumba ikipigwa mnada na asilimia 40 ya deni ikapotea, wakopaji 10 katika kila 100 wakishindwa, mfuko unapoteza asilimia 4. Maji hayo hayamfikii wa juu.

Shida ilikuwa matabaka ya kati. Yalikuwa membamba, na nani angeyanunua? Tabaka kama M9, karibu na sakafu ya jengo, linabeba hasara za kijisehemu tu cha mfuko. Tuseme linabeba zile zilizo kati ya asilimia 4 na asilimia 5. Mfuko ukipoteza 4, mwenye tabaka hilo analipwa yote. Ukipoteza 5, hapati hata senti. Kwa tabaka jembamba hakuna kulowa miguu tu: unabaki mkavu au unazama mzima. Na kinachotenganisha hali hizo mbili ni wakopaji wawili au watatu zaidi katika kila mia.

Sasa vijitabaka hivi vilikusanywa kutoka majengo mbalimbali vikawekwa kwenye mfuko mwingine, nao ukagawanywa matabaka upya. Mifuko hii ya pili iliitwa CDO. Kijipande cha M9 chetu chenye thamani ya dola milioni 3 kilinunuliwa na mmoja wa mifuko hiyo, Kleros Real Estate Funding III. Kleros ulikuwa na hatifungani za mikopo ya nyumba za dola milioni 975, asilimia 45 zikiwa na alama ya BBB, iliyo ngazi kadhaa chini ya AAA, au chini yake. Nao ukauza hatifungani zake wenyewe, na takriban asilimia 88 ya hizo zikapata AAA.

Hebu soma tena takwimu hiyo. Mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria mia moja, anaurudisha jikoni kwenye sufuria moja, na anapakua sahani 88 za pilau ya wageni wa heshima. Mimi ndipo ninapoweka lawama yangu kubwa, kabla ya mkopaji, kabla hata ya dalali aliyemjazia fomu kwa uongo.

Wakadiriaji wanaotoa alama hizi, kama kampuni ya Moody's, walikuwa na hoja, na tuwape haki yao: vijitabaka vinatoka mifuko tofauti na majimbo tofauti, kwa hiyo kimoja kikizama vingine vitabaki vikavu. Hoja hiyo inasimama iwapo mkopaji anaanguka kwa ugonjwa, talaka au kufukuzwa kazi, maana mambo hayo hayamkuti kila mtu kwa pamoja. Lakini wakopaji hawa wote walitegemea kitu kimoja, bei ya nyumba, na bei ilipofika kilele katikati ya 2006 na kuanza kushuka, wote walikwama mlangoni pamoja. Hakuna aliyeweza kupata mkopo mpya wa kulipia ule wa zamani. Maji yakapanda katika majengo yote kwa wakati mmoja, yakavuka ile mistari myembamba, na mfuko uliojaa M9 tupu ukawa umejaa matabaka yaliyozama yote. AAA ya juu yake ilikuwa na kinga gani? Chini yake hapakuwa na chochote kilichobaki kikavu. Kati ya hatifungani za mikopo ya nyumba ambazo Moody's walizipa AAA mwaka 2006, asilimia 83 zilikuja kushushwa alama.

Bado hatujafika kwenye jibu la ile hesabu yangu, maana hata hapa hasara ni ile ile ya nyumba zile zile. Kilichobadilika ni anuani yake. Mwenye hisa za kampuni ya intaneti iliyokufa alijijua, na jirani zake walimjua. Mwenye kipande cha AAA cha CDO alitakiwa afungue mifuko mia moja, na ndani ya kila mmoja maelfu ya mikopo, ndipo ajue amepoteza nini. Wengi hawakuwahi kufungua hata mmoja.

Ndiyo maana mmoja wa wagonjwa wa mwanzo Ulaya alikuwa IKB wa Düsseldorf, benki iliyokuwa ikikopesha viwanda vya kati vya Ujerumani. Mwisho wa Julai 2007 ilibidi iokolewe, benki ya serikali KfW ikiwa mstari wa mbele, kwa sababu ya mikopo ya nyumba za Wamarekani. Siku chache baadaye, tarehe 9 Agosti, benki ya BNP Paribas ya Ufaransa walizuia wateja kutoa pesa katika mifuko 3 ya uwekezaji. Hawakusema mifuko imefilisika. Walisema hawawezi kuipangia bei, kwa kuwa baadhi ya vilivyomo havina mnunuzi. Kwangu mimi siku hiyo ni nzito kuliko ile benki ya Lehman Brothers ilipofilisika, Septemba 2008. Kama Wafaransa hawajui vyao vina thamani gani, mimi nitajuaje vyako? Mabenki yakaanza kuogopa kukopeshana hata kwa usiku mmoja, na siku hiyo hiyo Benki Kuu ya Ulaya ikalazimika kumwaga sokoni karibu euro bilioni 95.

Kuna maelezo mengine yanayopendwa, kwamba mabenki yalijua ni takataka yakawauzia wengine na kunawa mikono. Baadhi walifanya hivyo. Lakini Citigroup, hao hao waliojenga jengo letu, walitangaza Novemba 2007 kwamba wamekalia dola bilioni 43 za matabaka ya juu kabisa ya CDO, yale yaliyolipa riba ndogo mno kiasi cha kukosa wanunuzi. Mkurugenzi wao mkuu, Chuck Prince, alijiuzulu siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sheria ya 2010 inayomtaka mfungaji abaki na angalau asilimia 5 ya mzigo wake, sioni kama ingewaponya. Citigroup walikuwa na yao ya kutosha. Waliiamini alama iliyobandikwa juu ya sufuria waliyoipika wenyewe.

Jamaa yangu nitamweleza pia habari ya pamba. Mabenki yalipoacha kukopeshana, biashara ya dunia ilisinyaa, na bei ya pamba ikaanguka msimu wa 2008/09. Juni 2009 Rais Kikwete wa Tanzania alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7, na miongoni mwa waliofidiwa walikuwa wanunuzi wa pamba, waliokuwa wameinunua kwa mkulima kwa bei ya juu na kuiuza kwa hasara. Wakati huo, katika ule mfuko wa mikopo 4,499, nyumba moja baada ya nyingine ilikuwa ikiingia mnadani, hasa huko Florida na California. Kufikia Septemba 2010 zilikuwa 1,917.